Konti ya simu na konti ya benki: mteja anakubali nini anapobonyeza « ndiyo »?

Kufungua konti ya feza kwenye simu huko Bukavu, Goma, Uvira ama Lubumbashi ni kazi ya dakika chache. Mteja anampa ajenti kadi yake ya mpiga kura, anajibu maswali mawili matatu, anachagua kode ya siri, na mesaji inaingia kumwambia kwamba konti iko tayari. Kati ya hatua hizo iko moja ambayo watu wengi hawaioni kabisa: mteja amekubali mkataba. Mara ni karatasi ya Kifaransa yenye herufi ndogo, mara ni mstari mmoja kwenye simu unaouliza kama anakubali masharti. Benki ni kurasa kadhaa ambazo anaonyeshwa tu mahali pa kuweka sahihi.

Mkataba huo una nguvu. Nchini Kongo, mikataba inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ingali inafanya kazi mpaka leo. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mkataba uliofanywa kufuatana na sheria unakuwa sheria kwa wale walioufanya, na kwamba unapaswa kutimizwa kwa nia njema. Kwa hiyo siku feza inapopotea, mteja akisema « mimi sikusoma », jibu hilo halimsaidii sana. Lakini kampuni na benki pia zimefungwa na maneno yaleyale, na hapo ndipo mteja anayejua yaliyoandikwa anapata nguvu.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika Kivu tangu mwisho wa Januari 2025, wakati benki za Goma zilipofunga milango, na za Bukavu zikafuata mwezi wa Februari. Kwa familia nyingi simu ndiyo ilibaki kuwa sanduku la feza.

Hata mkataba uwe mrefu namna gani, mambo yanayomgusa mteja wa kawaida yanaingia katika maswali manne: wananikata ngapi, nikinyamaza muda mrefu inakuwa namna gani, mwizi akiiba hasara ni ya nani, na nikikosa haki nalalamika wapi. Ili kuyaeleza, tuchukue mfano wa mama anayeuza sambaza katika soko la Kadutu. Ana konti ya simu anayotumia kila siku, na ana konti ya benki aliyoifungua zamani kwa ajili ya mkopo, kisha akaiacha. Bei na saa zinazofuata ni za mfano tu, maana kila kampuni na kila benki ina orodha yake.

Makato: kampuni inakata ngapi, na ajenti anaongeza ngapi?

Kwenye mkataba wenyewe bei haziandikwi mara nyingi. Mkataba unasema tu kwamba mteja atalipa kulingana na « orodha ya bei inayotumika », na kwamba kampuni inaweza kuibadilisha baada ya kumjulisha. Orodha hiyo ndiyo karatasi ya kuomba kwa ajenti ama kuitafuta kwenye menyu ya simu. Kwa kawaida kuweka feza hakukatwi kitu, lakini kutuma na kutosha kunakatwa.

Makato hupangwa mara nyingi kwa ngazi. Tuseme orodha inaonyesha dolari 4 kwa mtu anayetosha kuanzia dolari 101 mpaka 200, na dolari 7 kuanzia 201 mpaka 500. Mama wa Kadutu ana dolari 205 kwenye konti. Akitosha 200, kampuni inakata 4 na anabaki na dolari 1. Akijaribu kutosha 201 ameingia ngazi ya juu: anahitaji 208, na simu itamwambia kwamba salio halitoshi. Dolari moja tu imebadilisha kila kitu. Ndiyo sababu mtoto wake aliye Lubumbashi, akitaka mama apate 200 kamili mkononi, anapaswa kutuma 204, yaani pamoja na bei ya kutosha.

Kuna makato mengine ambayo hayamo katika orodha yoyote. Feza taslimu ikiwa haba mjini, ajenti fulani huomba kitu cha juu kabla ya kutoa feza. Mteja anaweza kuyagundua kwa hesabu nyepesi. Mesaji ya kampuni inaonyesha feza iliyotoshwa, makato na salio linalobaki. Mama alikuwa na 205, mesaji inasema ametosha 200, makato 4, salio 1. Lakini mkononi amehesabu dolari 194. Zile 6 zinazokosekana hazikuchukuliwa na kampuni, zimechukuliwa na ajenti, na hakuna mesaji itakayozionyesha. Mesaji ile, pamoja na namba ya ajenti iliyomo ndani yake, ndiyo ushahidi wa kwanza wa kupeleka kwa kampuni.

Jambo la mwisho kuhusu makato ni sarafu. Konti nyingi za simu nchini Kongo zina mifuko miwili, mmoja wa dolari na mmoja wa franki. Mteja anayehamisha feza kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine anabadilishiwa kwa kiwango cha kampuni, wala si kile cha mubadilishaji wa njiani. Mesaji haiwezi kuandika « makato », lakini tofauti ya kiwango nayo ni bei anayolipa.

Konti iliyolala: kunyamaza nako kuna bei

Mikataba yote miwili ina kipengele kuhusu konti isiyotumiwa. Muda unaohesabiwa unatofautiana, na ni wa kusoma kwenye mkataba wa kila mtu. Kinachofanana ni namna ya kuhesabu: konti inahesabiwa kuwa hai ikiwa mteja mwenyewe amefanya kitu, kwa mfano kuweka, kutuma ama kutosha. Benki ikikata bei ya mwezi, hilo si tendo la mteja, hata kama linaonekana kwenye karatasi ya konti.

Hapo ndipo mama wa Kadutu anaweza kushangaa. Aliacha dolari 30 katika konti ya benki. Mkataba unasema benki itakata dolari 3 kila mwezi kwa kutunza konti. Baada ya miezi 10 zile 30 zimekwisha. Ikiwa mkataba hausemi kwamba makato yanasimama salio likifika sifuri, benki inaweza kuendelea kuandika. Mwishoni mwa mwaka wa pili, miezi 14 ya ziada imefanya deni la dolari 42. Akija siku hiyo kuomba mkopo mpya, wataanza kwa kumwonyesha deni la konti aliyodhani imekufa. Konti haifi kwa kuachwa. Inafungwa kwa barua: mteja anaandika, benki inapiga muhuri kwenye nakala, na mteja anaiweka nakala hiyo nyumbani.

Kwa wakaaji waliokuta milango ya benki imefungwa, kuna swali zaidi: je, bei ya kutunza konti ikatwe kwa miezi ambayo mteja hakuweza kuingia? Jibu liko katika kipengele kinachozungumzia vita na mambo mengine yasiyozuilika. Kipengele hicho huandikwa ili kuilinda benki isipoweza kutoa huduma, lakini mteja anaweza kuuliza kwa maandishi ni huduma gani iliyolipiwa katika miezi hiyo, na kuomba orodha ya makato yote ya wakati huo.

Konti ya simu nayo ina hatari yake, maana imefungwa kwenye namba. Namba isipotumiwa muda mrefu, kampuni inaweza kuikata na baadaye kumpa mtu mwingine. Mtu aliyekimbia vita, akaporwa simu njiani na kukaa kambini miezi mingi, anaweza kukuta namba yake haipo tena. Feza yake haikuwa ya namba ile. Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu mifumo ya malipo inaiona feza ya elektroniki kuwa deni ambalo kampuni inadaiwa na mteja. Deni halifutiki kwa sababu laini imekatwa. Lakini mteja atapaswa kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenye konti.

Kuonyesha huko kunategemea jina lililoandikishwa. Watu wengi walinunua laini njiani ikiwa imekwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine, ama wanatumia laini ya bwana, ya dada, ya jirani. Mbele ya mkataba, mwenye konti ni yule mwenye jina. Mama wa Kadutu akitaka kuwa na amani, anakwenda kwenye ofisi ya kampuni na kitambulisho chake, anauliza namba yake iko kwa jina la nani, na kama jina si lake anaomba libadilishwe wakati laini ingali inafanya kazi. Aliyepoteza kadi ya mpiga kura anaweza kuanza kwa kuomba kwenye komini yake hati ya kupoteza vitambulisho, kisha akaenda nayo.

Wizi: kode ni ya mteja, lakini saa nayo inahesabiwa

Kipengele kizito kuliko vyote kinasema hivi, kwa maneno machache: kila tendo lililofanywa kwa kode ya siri linahesabiwa kuwa limefanywa na mteja mwenyewe. Katika mikataba ya kawaida kipengele hicho kina upande wa pili ambao haujulikani sana. Kuanzia wakati mteja anapoitaarifu kampuni kwamba kode, simu ama laini yake imeingia mikononi mwa wengine, na anapoomba konti ifungwe, hasara inayofuata si yake tena.

Tuangalie saa. Siku ya Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, mama anapigiwa simu na mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Anamwambia kwamba feza imekuja kwenye konti yake kwa bahati mbaya, na kwamba ili irudishwe kuna ujumbe utatokea kwenye simu, aweke kode. Ujumbe unatokea, mama anaweka kode. Kwa kweli lilikuwa ombi la malipo. Saa nane na dakika kumi na mbili, dolari 80 zimeondoka. Mwizi hakuambiwa kode kwa mdomo, lakini mama ameiweka mwenyewe, na kwa mkataba ni kama ametia sahihi.

Saa nane na dakika ishirini anashtuka, anapigia huduma kwa wateja, anaomba konti ifungwe. Saa nane na dakika thelathini na tano, dolari 60 nyingine zinaondoka. Hasara hizi mbili si sawa. Ile ya kwanza, ya dolari 80, itakuwa vigumu kuirudishiwa na kampuni, na mama atamtafuta mwizi mbele ya polisi. Ile ya pili, ya dolari 60, ilitoka dakika kumi na tano baada ya kampuni kujua. Hiyo anaweza kuidai kwa kampuni.

Ila anapaswa kuonyesha kwamba alipiga simu saa nane na dakika ishirini. Kwa hiyo kabla ya kukata simu anaomba namba ya taarifa yake, anaandika jina la aliyempokea, na hafuti orodha ya simu alizopiga. Kama simu yenyewe ndiyo imeibiwa, anaazima ya jirani palepale. Kungojea kesho asubuhi ofisi ifunguliwe ni kuuacha usiku mzima ubaki kwenye mgongo wake.

Kuna wizi wa namna nyingine ambao mteja hajafanya kosa lolote. Mtu anakwenda kwa ajenti na kitambulisho cha uongo, anaomba laini mpya kwa namba ya mama. Laini ya mama inazimika, ile ya mwizi inawaka. Alama yake ni hii: simu inapoteza mtandao ghafla, na majirani wenye kampuni ileile wanaendelea kuongea. Hapo si mambo ya mtandao mbovu. Aende haraka kwenye ofisi ya kampuni ama apige kwa simu ya mwingine. Katika malalamiko yake aombe waonyeshe ni ajenti gani alibadilisha laini, siku gani, saa ngapi, na kwa kitambulisho gani. Dekreti ya 1888, katika kifungu cha 258, inasema aliyesababisha hasara kwa kosa lake ana wajibu wa kuilipa, na kubadilisha laini bila kuhakikisha mwenyewe ni kosa la aliyeibadilisha.

Tusichanganye wizi na kutuma kwa namba isiyo yenyewe. Mteja aliyekosea tarakimu moja anapaswa pia kuita kampuni mara moja, maana kampuni inaweza kuizuia feza ikiwa aliyeipokea hajaitosha. Lakini kwa kawaida haiwezi kuirudisha bila mpokeaji kukubali ama mahakama kuamua. Na anayepigiwa simu kuombwa arudishe feza « iliyokuja kwa bahati mbaya » aangalie kwanza salio lake kwenye menyu, si kwenye mesaji aliyotumiwa. Kama salio halijapanda, hakuna kilichokuja.

Malalamiko: njia ina ngazi, na kila ngazi ina karatasi

Mikataba huomba mteja aanze kwa kampuni yenyewe, na mara nyingi inaweka muda. Mteja anayepita muda huo bila kuandika anaweza kuambiwa kwamba amekubali yaliyotokea. Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya kufungua konti ni fupi: nina siku ngapi za kupinga?

Kupiga simu kunafunga konti, lakini hakutoshi kama malalamiko. Baada ya simu, mama wa Kadutu anaandika barua ya ukurasa mmoja: jina lake, namba ya simu, siku na saa ya kila tendo, namba ya muamala kama ilivyo kwenye mesaji, saa aliyotaarifu, na kitu anachoomba, yaani kurudishiwa dolari 60. Haandiki tu « nimeibiwa, nisaidieni », kwa sababu barua isiyotaja kiasi haina jibu la kutoa. Anapeleka nakala mbili, moja inabaki, nyingine inarudi na muhuri na tarehe.

Kampuni ikinyamaza ama ikikataa bila sababu, ngazi inayofuata ni Benki Kuu ya Kongo, ambayo inasimamia benki na pia kampuni zinazotoa feza ya elektroniki. Kama shida ni ya laini yenyewe, kwa mfano namba iliyopewa mtu mwingine, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ARPTC, ndiyo inayohusika na kampuni za simu. Kwa zote mbili mteja anatuma nakala ya barua yenye muhuri, maana swali la kwanza watakalouliza ni kama alianza kwa kampuni.

Mwizi ana njia yake tofauti. Kumdanganya mtu ili atoe feza yake ni kosa linaloadhibiwa na kifungu cha 98 cha sheria ya makosa ya jinai, na malalamiko hayo yanakwenda polisi ama parke. Kampuni haitoi jina la mwenye namba kwa mteja, lakini inalitoa kwa mkuu wa mashtaka akiliomba. Basi kwenda polisi siyo kazi bure hata kwa yule aliyepoteza zile 80.

Mwisho, kuna mstari mmoja chini kabisa ya mkataba unaotaja mahakama. Ukitaja mahakama za Kinshasa, mteja wa Bukavu ajue kwamba kesi ya dolari 60 itamdai tiketi ya ndege. Kwa feza ndogo, barua nzuri na Benki Kuu ndiyo njia inayofaa zaidi.

Mkataba mzima kwa nusu ukurasa

Mtu akitaka kumfupishia mama wa Kadutu mkataba wake, anaweza kuandika hivi nyuma ya daftari lake la soko:

Kuweka ni bure, kutuma na kutosha kunakatwa kwa ngazi, na makato ya kweli yanaonekana kwenye mesaji. Kitu ajenti anachoomba nje ya mesaji si cha kampuni. Konti ya simu iko kwa jina langu, na nitaitumia kabla muda ulioandikwa haujapita. Konti ya benki inakata dolari 3 kwa mwezi hata nisipokwenda, na inafungwa kwa barua tu. Nikiweka kode, nimekubali. Nikiibiwa, napiga simu wakati uleule na kuomba namba ya taarifa, kwa sababu hasara ya baada ya hapo si yangu. Kisha naandika barua kabla siku za kupinga hazijaisha: kwanza kampuni, halafu Benki Kuu. Kwa mwizi, polisi.

Kwenye daftari hilo zinabaki nafasi tatu za kujaza kwa kalamu, naye atazijaza kwa kuuliza ofisini: siku ngapi konti inaweza kulala, siku ngapi za kupinga, na namba ya simu ya kufungia konti. Hiyo ya tatu isiandikwe ndani ya simu peke yake, maana siku itakapohitajika, huenda simu ndiyo itakuwa imeibiwa.